Maandazi, mwani na sabuni: kwa nini sikuchagua moja

Huku kwetu Jambiani, Unguja, anayepanga ratiba ya mwanamke ni mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inapwa sana, na hizo ndizo siku za bamvua. Maji yanakauka kiasi cha saa nne asubuhi, nasi tunaingia kwenye mashamba yetu ya mwani kuanzia saa tatu hadi maji yanapotufukuza kwenye saa sita hivi. Bamvua likipita yanakuja maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, vigingi tunavyofungia mwani vinabaki chini ya maji, na hata ukienda huna la maana utakalofanya. Kwa hiyo mwani unachukua karibu nusu ya siku za mwezi, na katika hizo siku unachukua saa chache tu. Saa nyingine zote ni zako.

Naanza na hilo kwa sababu kila semina ya ujasiriamali niliyohudhuria, mkufunzi anatoka mjini na projekta yake na kutuambia tuchague biashara moja, tuikazanie mpaka ikue. Ushauri huo una watu wake, na mmoja wao nitamtaja mbele. Lakini mwenye kutuambia hajawahi kuulizwa afanye nini na mwani siku za maji mafu. Bahari haikazaniki. Ukitaka kuongeza saa zako mwanini, haikupi.

Mimi nina kazi tatu: maandazi, mwani na sabuni. Hakuna hata moja inayoweza kuendesha nyumba peke yake, na nimeacha kuitaka moja iweze. Nieleze zinavyokaa pamoja, kisha niseme pale ambapo mtindo huu haufai, maana nimeuona ukiwaangusha watu wawili ninaowapenda.

Maandazi ndiyo ya kila siku. Natumia unga wa ngano kilo mbili, tui la nazi moja kubwa, robo ya sukari, hamira na iliki. Unga naukanda usiku, alfajiri nachoma, na kabla ya saa mbili biashara imekwisha. Kilo mbili zinanipa maandazi kama sitini, nauza shilingi mia mbili moja, jumla elfu kumi na mbili. Gharama kwa bei za dukani kwetu ni kama elfu nane: unga elfu nne, sukari mia nane, nazi elfu moja, mafuta elfu moja na mia mbili, hamira na iliki mia nne, kuni mia sita. Inabaki elfu nne. Ndogo, lakini ipo mkononi siku hiyo hiyo, na inanunua samaki wa mchana.

Mtu wa semina angesema: kama kilo mbili zinaleta elfu nne, choma kilo nne upate nane. Jaribu uone. Wanaopita kwangu asubuhi ni wale wale: watoto wa skuli, mafundi, wazee wanaotoka msikitini, na nyumba za mtaa huu. Nikichoma sitini zaidi, ya ziada yatakayonunuliwa ni kama ishirini na tano, yaani elfu tano, na gharama yake ni elfu nane nyingine. Hapo nimefanya kazi mara mbili kwa hasara ya elfu tatu. Andazi la jana halina mnunuzi. Kijiji kina tumbo la kiasi chake, na ukishalijaza, shilingi ya pili unayoiingiza kwenye unga inarudi imepungua. Siku skuli zikifungwa tumbo hilo linasinyaa, nami napunguza hadi kilo moja. Ramadhani inageuka kabisa: asubuhi hakuna biashara, lakini alasiri watu wanapanga foleni kwa ajili ya futari, na mwezi huo ndio pekee ambao kilo nne zinakwisha. Na kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kuna miaka inaangukia kwenye msimu wa wageni na miaka inaangukia masika, na hesabu ya mwaka jana haikutoshi mwaka huu.

Mwani ni kinyume chake. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara huku pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mama zetu ndio waliolishika. Tunafunga vipande vya mbegu kwenye kamba kwa vikamba vidogo vya taitai, kamba tunazifunga kwenye vigingi, na baada ya wiki sita hivi tunavuna. Kisha kuanika, siku mbili tatu za jua kali. Kilo saba au nane za mbichi zinakuwa kilo moja kavu. Mnunuzi anakuja na mizani na bei yake. Tukijadiliana naye ni kama kujadiliana na mawimbi. Kwa bei niliyouza mara ya mwisho, shilingi mia nane kwa kilo ya mwani wa aina ya spinosamu, gunia zangu, kilo mia kwa jumla, zilinipa elfu themanini kwa pamoja.

Elfu themanini ya pamoja ina kazi ambayo elfu nne za kila siku haziwezi. Elfu nne inaliwa. Huwezi kuizuia, maana kila siku nyumba ina shimo lake. Fedha ya mwani inakuja baada ya wiki nyingi na inakuja nzima, na hiyo ndiyo inayolipa sare za skuli, bati, au hisa kwenye kikundi cha akiba. Lakini anayetegemea mwani tu, katikati ya mavuno na mavuno anakopa dukani, na siku ya kuuza mwenye duka yuko pale pale penye mizani. Nimewaona wanawake wanaovuna kuliko mimi, na fedha yote inaishia kwenye daftari la duka. Maandazi yangu hayanitajirishi, ila yananiepusha na lile daftari, na kwa hiyo mwani wangu unafika nyumbani.

Mwani una maadui wake pia. Kuanzia Januari hadi Machi maji yanapata joto, mwani unapauka, unakuwa mweupe na kukatika vipande; wataalamu wanaita aisi-aisi. Mwani wa aina ya kotonii, ambao bei yake ni nzuri zaidi, ndio unaokufa zaidi, hivyo wengi tumebaki na spinosamu. Masika ikiingia, mwani hata ukikua hauanikiki: ukinyeshewa unapoteza chumvi yake na ubora, na mnunuzi anautupa pembeni. Kusi ikivuma unakua vizuri kwa sababu maji ni baridi, ila mawimbi yanang'oa vigingi. Asubuhi nikiingia na kukuta kamba zimepauka, najua wiki sita zijazo hazina fedha ya pamoja. Siku hiyo hiyo naanza kubana.

Hapo mtu atauliza: kama unataka kazi ya pili, kwa nini usichokoe pweza? Upo majini tayari. Jibu ni kwamba pweza na mwani vinataka saa zile zile. Mwamba unatoka nje wakati ule ule wa bamvua ambao shamba langu linanihitaji. Nikienda kwenye mwamba, kamba zangu zinabaki na magugu. Mwenye mwani na pweza ana kazi mbili kwa jina, lakini kwa saa ana moja, na bahari ikichafuka zote zinasimama. Mimi nikitafuta kazi ya kuongeza, swali la kwanza ni saa: inafanyika lini, na wakati huo niko wapi?

Sabuni iliingia kwa mlango huo. Inafanyika siku za maji mafu, jikoni, mlango umefungwa watoto wasiingie. Kilo moja ya mafuta ya nazi inataka soda ya moto gramu kama 170, na gramu hizo zinapimwa kwa mizani ya dijitali, hazikisiwi kwa kijiko; soda ikizidi, sabuni inababua ngozi. Soda inatiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya soda, maana yanaweza kuruka usoni. Halafu unga wa mwani, mafuta ya karafuu au mchaichai kidogo, unakoroga hadi iwe nzito, unamimina. Kesho yake unakata, kisha unaipanga kwenye ubao penye hewa wiki nne angalau kabla ya kuuza. Kilo moja ya mafuta inanipa vipande kumi na vitatu vya gramu mia. Gharama yake yote, pamoja na kufungia, ni kama elfu kumi na tano, sawa na shilingi 1,150 kwa kipande. Mgeni ananunua kwa elfu tatu.

Ukitazama faida kwa kipande, sabuni inashinda zote. Ukitazama inarudi lini, ndiyo ya mwisho. Inakaa mwezi ubaoni, kisha inasubiri mgeni, na mgeni ana misimu yake: Juni hadi Oktoba, halafu Disemba hadi Februari. Aprili na Mei ufukwe ni wetu na kunguru.

Sasa utaona fedha zangu zina umri tofauti. Ya maandazi ni ya siku, ya mwani ni ya wiki sita, ya sabuni ni ya msimu. Utaona pia wanaonilipa ni watu watatu ambao hawajuani: jirani yangu, mnunuzi wa mwani anayepeleka nje, na mgeni wa ufukweni. Hilo la pili nililielewa vizuri mwaka 2020.

Shemeji yangu wakati ule alikuwa mfano wa kijiji. Alikuwa na vyumba viwili vya wageni, baiskeli za kukodisha, ngalawa ya kupeleka watu mwambani, na kijana wa kuwafulia wageni nguo. Kazi nne. Wakati naanza sabuni alinicheka kidogo, akaniambia, "Shemeji, mbona unajisumbua na vitu vidogo hivyo? Ungekuja huku kwenye wageni." Ndege za watalii ziliposimama kwa sababu ya korona, kazi zote nne zilisimama ndani ya wiki moja. Chumba, baiskeli, ngalawa na nguo, vyote vilikuwa vinalipwa na mfuko mmoja, na mfuko huo haukutua uwanja wa ndege. Alikuwa na kazi nne na mteja mmoja. Sabuni yangu nayo ilikufa wakati ule, sikuuza hata kipande. Lakini watoto waliendelea kula maandazi asubuhi, na mwani uliendelea kununuliwa, ijapokuwa bei ilikuwa ya kusikitisha. Tulibana, hatukuuza kitu cha ndani. Yeye aliuza ngalawa, na mpaka leo hajapata nyingine kama ile.

Kwa hiyo mtu akiniambia ana vyanzo vitano vya mapato, simhesabii anavyouza. Namuuliza nani anamlipa.

Upande wa pili ni wifi yangu, na huyu ndiye mtu wa ule ushauri wa semina. Alikuwa na cherehani, shamba la mwani karibu na langu, na ubuyu aliokuwa akiuza kwa watoto. Mkono wake wa kushona ni wa pekee. Nguo yake haivuti begani. Lakini siku za bamvua anafunga mlango, yuko baharini. Mteja anakuja na kitambaa anakuta kufuli, anarudi kesho anakuta kufuli, kesho kutwa anakwenda Paje. Kabla ya Idi ndiyo aibu: vitambaa vimejaa hadi juu ya kabati, naye anafunga kamba majini, usiku anashona macho yamevimba, na watu wanakuja kudai nguo asubuhi ya sikukuu.

Siku moja tumekaa tunafunga mbegu, nikamwambia, "Wifi, wewe acha mwani." Akanitazama kama nimemtukana. "Wewe mwenye kazi tatu ndiyo unaniambia mimi nibaki na moja?" Nikamwambia ahesabu. Kwa bamvua moja amerudisha watu wangapi mlangoni? Alipofanya hesabu kwa vidole, sare za skuli peke yake, kwa ufundi wa elfu nane kila moja, zilizidi fedha ya mwani aliyokuwa akiisubiri wiki sita.

Tofauti ya wifi na mimi iko hapa. Maandazi yangu yakiongezeka, wanunuzi hawaongezeki. Yeye akiongeza kushona, wanunuzi wapo wamesimama mlangoni. Mimi hata nikichoma maandazi elfu kumi, la mwisho linauzwa mia mbili kama la kwanza. Yeye kadiri anavyoshona ndivyo mkono unavyokuwa mwepesi na bei inavyopanda. Aliyeanza na sare sasa anapewa magauni ya harusi. Na cherehani ni kazi ya kukutwa: mteja anataka kujua kwamba akija, fundi yupo. Kazi yenye watu wanaorudishwa, yenye ufundi unaopandisha bei, na inayoharibika mwenyewe asipokuwepo, hiyo inastahili kupewa siku zote. Aliacha mwani, akauza kamba zake, akanunua mashine ya overloki iliyotumika. Ubuyu ameuacha pale pale kwenye meza ya cherehani, kwa kuwa haumtoi kwenye kiti.

Kuna ugonjwa mmoja wa kazi nyingi ambao hauonekani kwa macho: kazi moja kuila nyingine kimyakimya. Fedha zikikaa pamoja kwenye mkoba mmoja, unanunua soda ya sabuni kwa fedha ya maandazi, unanunua unga kwa fedha ya mwani, na kila kazi inaonekana inakwenda. Mimi nina vikopo vitatu vya maziwa ya unga, kila kazi na chake. Unga unanunuliwa kutoka kikopo cha maandazi tu. Sabuni ikikosa fedha ya mafuta ikakopa kwa maandazi, naandika kwenye daftari kama ningemkopesha jirani, na lazima irudishe. Kazi ikikopa mara mbili mfululizo bila kurudisha, naisimamisha bamvua mbili nione nyumba inaathirika wapi. Kwa njia hiyo niliacha kazi ya nne, achari ya embe, ambayo kila mtu aliisifu. Sukari na chupa zilikuwa zinalipwa na maandazi. Achari yenyewe haikuwahi kujinunulia hata kifuniko.

Ndiyo maana pia sizidishi tatu. Kazi ya nne haina saa kwangu isipokuwa nichukue za usingizi, na vikopo vikizidi siwezi tena kukumbuka kipi kinamdai kipi.

Mwezi uliopita alikuja meneja wa hoteli moja ya jirani, kijana wa heshima, akanusa sabuni akasema anataka vipande mia mbili kila mwezi kwa vyumba vyake, elfu mbili kipande, malipo baada ya miezi miwili. Laki nne kwa mwezi! Nyumbani mume wangu alikuwa ameshaanza kuhesabu bati. Nikachukua daftari. Vipande mia mbili gharama yake ni laki mbili na elfu thelathini. Vinakaa ubaoni mwezi mmoja, kisha nasubiri miezi miwili kulipwa, na katika muda huo kila mwezi natengeneza vingine. Kabla ya kuona shilingi ya kwanza nitakuwa nimeweka karibu laki saba, na hiyo ina maana ya kuvunja hisa zangu, kuacha mwani kwa sababu siku za maji mafu hazitoshi tena, na kumwachia binti yangu maandazi wakati ana skuli. Na nikishafanya yote hayo, anayenilipa ni mtu mmoja, tena kwa mfuko ule ule wa wageni.

Nilimwambia, "Mwanangu, nitakupa sitini kwa mwezi, na utanilipa siku ninayoleta." Sitini zinanigharimu elfu sitini na tisa, na zinatoshea siku za maji mafu bila kugusa kamba zangu. Alijaribu kunipandisha hadi mia, halafu akakubali sitini mpaka mwisho wa Oktoba. Akiniletea malipo ya nusu mbele nitaongeza ubao wa pili wa kukaushia, kwa sababu nafasi ukutani ipo, na mafuta ya nazi nitayachukua Makunduchi kwa bei ya jumla. Asipoleta, ubao mmoja unatosha.